Mkono Usiojua Valvu Imefika Mwisho: PID, Mvuke na Juisi ya Miwa

Leo tuache tovuti na hifadhidata kando, twende Awendo. Kiwanda cha sukari cha South Nyanza kilianza kusaga miwa mwaka 1979, wakati Migori na Homa Bay zilikuwa bado wilaya moja, na jina la wilaya hiyo ndilo kiwanda kilibaki nalo. Leo Awendo iko Kaunti ya Migori, na upande wa Homa Bay kuna kiwanda kingine kule Ndhiwa. Kila kiwanda cha sukari kina kazi moja inayoonekana rahisi: kupasha moto juisi ya miwa kwa mvuke mpaka joto linalotakiwa, na kulishikilia hapo.

Kwa nini joto hilo ni muhimu? Juisi ikishatiwa chokaa, hupashwa moto mpaka nyuzi chache juu ya kiwango cha kuchemka, kisha huachiliwa kwenye chombo kilicho wazi. Hapo hutokota ghafla na kutoa hewa iliyong'ang'ania kwenye uchafu, ndipo uchafu uzame kwenye tangi la kutulia. Joto likipungua, hewa hubaki, tope huelea na juisi hutoka na mawingu. Joto likizidi, sukari huharibika, rangi hukolea na mvuke hupotea bure. Vitabu vingi hutaja nyuzi 103, lakini hiyo ni hesabu ya pwani. Kwenye mwinuko wa Awendo maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo katika mfano wetu tutalenga 98.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mtu mwenye gurudumu la valvu. Kisha vikaja vidhibiti vya hewa iliyoshindiliwa, vilivyofungua valvu kwa kiasi cha kosa lililopo: kosa kubwa, valvu wazi zaidi. Vilikuwa na kasoro moja. Kosa likiwa sifuri, kidhibiti hakina sababu ya kuongeza mvuke hata kama mzigo umeongezeka, kwa hiyo joto lilitulia pembeni kidogo mwa lengo. Mwendeshaji alilazimika kuja kusogeza kitasa kwa mkono ili kuliweka upya. Mwaka 1931 kampuni ya Foxboro ya Marekani ilitoa kidhibiti kilichoitwa Stabilog, kazi ya Clesson Mason, ambacho kilifanya kuweka upya huko chenyewe. Hiyo ndiyo herufi I katika PID: kosa linajumlishwa kila sekunde, na valvu inazidi kusogea mpaka kosa liishe.

Shida ikawa namba. Kitasa kiwekwe wapi? Mwaka 1942 John Ziegler na Nathaniel Nichols, wa kampuni ya Taylor mjini Rochester, walichapisha jibu. Njia yao mojawapo ilikuwa hii: kiweke kidhibiti kwenye mkono, subiri joto litulie, sogeza valvu hatua moja tu, usiguse kitu kingine, kisha soma mchoro wa joto.

Hebu tuifanye. Namba ni za mfano wangu, si vipimo vya kiwanda chochote. Valvu iko asilimia 40 na joto limetulia nyuzi 90. Tunaifungua mpaka 50. Kwa sekunde 20 hakuna kinachotokea. Huko ni kuchelewa, tukuite L. Kisha joto linapanda na mwishowe linatulia 98. Asilimia 10 za valvu zimeleta nyuzi 8, basi K ni 0.8. Tunatafuta pia wakati joto lilipokamilisha asilimia 63 ya safari yake, yaani karibu nyuzi 95. Ni sekunde ya 100. Tukitoa zile 20 za kuchelewa, T ni 80.

Kwa kanuni ya 1942, kidhibiti cha P na I peke yake kingepata nguvu ya 0.9T/(KL), yaani 4.5, na muda wa kujumlisha wa sekunde 67 hivi. Lakini wazee wale walikubali joto liyumbe, kila wimbi likiwa robo ya lile lililotangulia. Kwa juisi, kuyumba huko ni kwingi mno. Mwaka 2003 Sigurd Skogestad wa Norwe alitoa kanuni ya upole zaidi inayotumia jaribio lile lile: Kc = T/(2KL), ambayo hapa ni 2.5, na Ti sawa na T, sekunde 80. D tunaiacha, kwa kuwa kipimajoto chenye kelele kingeitikisa valvu bila faida kubwa.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe. Tuseme shinikizo la mvuke limeshuka kwa dakika 10. Valvu iko wazi yote, asilimia 100, na joto limekwama 93, nyuzi 5 chini ya lengo. Yule mwendeshaji wa zamani angeona gurudumu limefika mwisho, angeacha kulizungusha. I haioni. Inaendelea kujumlisha 2.5 × 5 / 80, karibu asilimia 0.156 kila sekunde. Ilianza 50, baada ya sekunde 600 iko karibu 144, namba isiyo na maana kwa valvu. Mvuke ukirudi, joto litavuka 98 huku valvu ikiwa bado wazi yote. Hata likisimama nyuzi 5 juu ya lengo, P itaondoa 12.5 tu, na zitapita sekunde 200 kabla valvu haijaanza kufunga. Kwa hakika joto halitasubiri hapo, litazidi kupanda.

Utautambuaje mtego huu? Angalia mchoro. Joto limevuka lengo, na valvu bado imelala kwenye 100 kama mstari wa rula: hapo I imelimbikiza. Kama valvu inapanda na kushuka pamoja na joto, tatizo ni namba zako. Wengi huchanganya mambo haya mawili na kupunguza nguvu ya kidhibiti, kumbe ugonjwa ni mwingine.

Dawa ni kumwambia I ukweli kuhusu valvu. Mwaka 1967, kompyuta zilipoanza kushika kazi hii, Fertik na Ross walieleza njia ya kurudisha tofauti kati ya kilichoagizwa na kinachowezekana:

```
e = lengo - joto
u = Kc*e + I
v = min(max(u, 0), 100)
I = I + (Kc/Ti*e + (v - u)/Ti)*dt
```

Valvu ikiwa ndani ya mipaka, `v - u` ni sifuri na hakuna kinachobadilika. Ikigonga 100, sehemu hiyo inakuwa hasi na kuivuta I irudi. Katika mfano wetu I inatulia karibu na 100, si 144, na valvu inaanza kufunga mara joto linapofika kwenye lengo.

Ila v lazima iwe mpaka wa kweli. Fundi akifunga valvu ya pili kwa mkono huko chini, programu haitajua, na I italimbikiza vile vile. Hali kadhalika kinu kikisimama kwa kukosa miwa: juisi haipiti, kipimajoto kinapoa, na kidhibiti kilichoachwa peke yake kinafungua mvuke kwenye mirija isiyo na mtiririko. Hapo inabidi programu isome mtiririko wa juisi na kuigandisha I yenyewe, valvu ikifungwa.