Kutoka Gereza la Brixton Hadi Jimu: Historia ya Wati 100

Mwaka 1821, katika gereza la Brixton kusini mwa London, wafungwa walianza kupandishwa juu ya pipa kubwa lililozungushiwa vidato 24. Walijipanga bega kwa bega, wakashika mti uliowekwa mbele yao na kukanyaga. Kidato kilishuka kwa uzito wa mtu, naye akalazimika kukimbilia kinachofuata. Hapakuwa na kupumzika hadi zamu iishe, kwa sababu pipa halikumsubiri mtu.

Aliyebuni mtambo huo, ulioitwa tredmili, mwaka 1818 ni mhandisi William Cubitt, aliyechukizwa na kuona wafungwa wakikaa bure. Katika baadhi ya magereza pipa liliendesha kinu cha nafaka, kwingine halikusaga chochote ila upepo. Baada ya utumwa kukomeshwa kisheria Jamaika mwaka 1834, watu waliokuwa bado wamefungwa kwa mabwana zao kwa jina la uanagenzi waliadhibiwa kwa mtambo uleule, mikono ikiwa imefungwa kwenye mti wa juu. Mwandishi Oscar Wilde aliuonja huko Pentonville mwaka 1895. Waingereza waliupiga marufuku kwa sheria ya magereza ya mwaka 1898.

Tuichambue kazi ya mfungwa huyo, maana itatufaa. Pipa lilizunguka mara mbili kwa dakika, na kila kidato kilikuwa na kimo cha sentimeta 20 hivi. Kwa hiyo mtu alijiinua karibu mita 9.6 kila dakika. Akiwa na kilo 65, nguvu anayotoa ni wati 100 kwa makadirio. Anayeingia jimu leo kupunguza kitambi, na asiyekuwa mwanariadha, hufanya kazi ya kiwango hichohicho kwa hiari yake, tena kwa kulipia.

Swali linaloulizwa sana kwenye jimu zetu ni hili: kati ya tredmili, baiskeli ya mazoezi, mashine ya kupiga makasia na eliptiko, ipi inayeyusha mafuta zaidi? Hakuna hata moja kati ya hizo tatu za kwanza iliyozaliwa kwa ajili ya kitambi, na asili ya kila moja ndiyo inayoeleza inavyotuchosha na kwa nini tarakimu za kioo chake ziaminike au zisiaminike.

Tuanze na baiskeli, kwa kuwa ndiyo iliyotufundisha kupima. Mwaka 1913, huko Boston, Francis Benedict na mwenzake Edward Cathcart walichapisha matokeo ya vipimo vya mwendesha baiskeli wa kulipwa. Walimkalisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote, gurudumu likizuiwa kwa nguvu inayojulikana, huku pumzi yake ikikusanywa na kupimwa. Walitaka kujua mwili unatumia chakula kiasi gani kutoa kazi kiasi gani. Jibu bado linasimama: karibu moja ya tano tu ya nishati hufika kwenye pedali, na inayobaki hutoka kama joto. Ndiyo maana unaloa jasho hata kwenye chumba chenye kiyoyozi.

La muhimu zaidi ni kwamba uwiano huo haupishani sana kati ya mtu na mtu. Ukijua wati zilizofika kwenye pedali, unaweza kukisia kalori bila kumpima mtu pumzi. Kwa kanuni wanayotumia wataalamu wa mazoezi, mtu wa kilo 75 akipiga pedali kwa wati 100 kwa nusu saa hutumia kalori 240 hivi. Baiskeli inayoonyesha wati zilizopimwa kweli ndiyo mashine inayodanganya kidogo kuliko zote. Ile isiyopima wati inabahatisha tu.

Hata hivyo baiskeli ina kasoro yake, nayo ni kiti. Uzito wa mwili unabebwa na kiti, kazi yote inaangukia mapaja, na mapaja huungua kabla moyo haujachoka. Tredmili haina kiti.

Safari ya tredmili kutoka jela hadi jimu ilipitia hospitalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari wa moyo Robert Bruce wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alitaka kuuona moyo ukifanya kazi, si mgonjwa akiwa amelala. Akishirikiana na mhandisi Wayne Quinton, alimtembeza mgonjwa juu ya mkanda unaozunguka huku nyaya zikiwa kifuani, na kila dakika 3 mkanda ukaongezewa kasi na mwinuko. Mwinuko ndio ulikuwa siri ya Bruce: unapandisha mapigo ya moyo bila kumlazimisha mgonjwa kukimbia.

Mwaka 1968 daktari Kenneth Cooper, aliyekuwa katika jeshi la anga la Marekani, alitoa kitabu kilichoeneza dunia nzima habari ya mazoezi ya moyo na pumzi. Mhandisi wa New Jersey, William Staub, alikisoma, akaona kwamba mkanda wa hospitali ni ghali mno kwa mtu wa kawaida. Akaunda wa nyumbani, mkanda wa rangi ya chungwa ukipita juu ya rola 40 za chuma, kisha akaanza kuuza. Staub alifariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 96.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa kilo 75. Akitembea kilomita 6 kwa saa kwenye mkanda uliolala sawa, kanuni inampa kalori 150 hivi kwa nusu saa. Akiinua mkanda hadi asilimia 5, bila kuongeza kasi hata kidogo, zinafika kama 250, yaani sawa na wati 100 za baiskeli na kidogo juu yake. Hajakimbia, na magoti yake hayajapigwa. Lakini angalia wanaoweka mwinuko wa asilimia 12 kisha wakaning'inia kwenye vishikio, mwili ukiwa umelala nyuma. Mashine haijui kwamba mikono imechukua sehemu ya uzito, hivyo inaendelea kuhesabu kana kwamba mtu amesimama wima. Kioo kinampongeza kwa mlima alioupanda mkanda peke yake.

Mwaka 1996 watafiti wa Milwaukee walizishindanisha mashine za aina hii. Walimwambia kila mtu ajitume kwa kiwango kilekile cha uchovu anaouhisi, namba 13 kwenye kipimo cha Msweden Gunnar Borg, yaani ngumu kiasi. Kwa uchovu huo mmoja, watu walitumia nishati zaidi kwa asilimia 40 hivi kwenye tredmili kuliko kwenye baiskeli. Matokeo hayo yamenukuliwa sana kwenye matangazo ya tredmili, na si ya uongo. Ila yalihusu kundi dogo la vijana wenye afya njema, si mama wa miaka 55 mwenye goti bovu, ambaye kwake kiti cha baiskeli ndicho kinachomwezesha kufanya dakika 40 badala ya 10.

Mashine ya kupiga makasia ninaipenda kuliko nyingine, ingawa kwenye jimu nyingi imesukumwa pembeni na watu huitundikia taulo. Ilizaliwa Vermont, Marekani, mikononi mwa ndugu wawili waliokuwa wapiga makasia, Dick na Pete Dreissigacker. Walipigilia baiskeli kwenye sakafu ya ghala lao la shambani, wakaketi na kuvuta mnyororo ili gurudumu lizunguke na kukata hewa. Mwaka 1981 wakaanza kuuza mashine hiyo kwa jina la Concept2. Haikuhitaji breki, kwani kadiri unavyovuta kwa nguvu, ndivyo hewa inavyokuzuia zaidi.

Kioo chake kina kanuni isiyo siri: huchukua wati na kuzigeuza kuwa kalori, kisha huongeza kalori 300 kwa kila saa kama gharama ya mwili wenyewe kwenda mbele na nyuma. Ukivuta mita 500 kwa dakika 2 na sekunde 32, hizo ni wati 100, na kioo kitasema kalori 322 kwa nusu saa. Lakini zile 300 zilikadiriwa kwa mtu wa kilo 79. Dada wa kilo 60 anayevuta kwa kasi hiyohiyo ataona 322 vilevile, wakati kwa marekebisho ya uzito ya mtengenezaji mwenyewe anastahili 285 hivi.

Kosa linaloonekana kila siku kwenye mashine hii ni kile kijiti cha pembeni chenye namba 1 hadi 10. Vijana hukisukuma hadi 10 wakidhani ndiyo nguvu, kumbe kinafungua tu hewa iingie zaidi kwenye gurudumu. Mnyororo unakuwa mzito, mgongo unaumia, na baada ya dakika 5 wameshuka. Miguu ndiyo isukume kwanza, mgongo ufuate, mikono imalizie. Anayeanza na mikono hatafika wati 100 hata akivuta hadi jioni.

Eliptiko ni mtoto wa mwisho. Kampuni ya Precor ya jimbo la Washington iliitoa mwaka 1995, na hii kweli ilikusudiwa watu wa jimu: nyayo hazitoki kwenye kikanyagio, hivyo hakuna kishindo. Kwa goti ni neema. Kwa hesabu ni tabu, maana kila kampuni ina urefu wake wa hatua na uzito wake wa gurudumu, na likishakolea mwendo, gurudumu hilo humsukuma mtu badala ya yeye kulisukuma. Kalori zinazoandikwa hapo mara nyingi huzidi zilizotumika. Punguza kasi, ongeza ugumu, uone mapaja yanavyokubadilikia.

Tuseme basi umepata kalori 250 halali kila siku. Kilo moja ya mafuta mwilini inabeba kalori 7,700 hivi, kwa hiyo ni siku 31 kwa kilo moja, kama chakula hakikubadilika. Ndipo penye mtego. Katika taasisi ya Kenneth Cooper mjini Dallas, wanawake 464 wanene waliokwisha koma hedhi walifuatiliwa kwa miezi 6. Baadhi waliendelea na maisha yao kama kawaida, wengine walifanyishwa mazoezi ya viwango vitatu kwenye baiskeli na tredmili, chini ya usimamizi. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2009, waliofanya mazoezi mengi zaidi, zaidi ya saa 3 kwa wiki, walitarajiwa kupungua karibu kilo 2.7. Walipungua 1.5 tu, chini ya wale wa kiwango cha kati. Mwili ulijilipa mahali pengine, kwa sahani au kwa kukaa.

Lakini viuno vya makundi yote matatu ya mazoezi vilipungua. Kwa hiyo chagua mashine ambayo magoti yako yataivumilia nusu saa, sukuma hadi uweze kusema sentensi fupi tu, usiile kalori iliyoandikwa kwenye kioo, na badala ya mizani, jipime kiunoni kwa futi ya fundi cherehani kila mwisho wa mwezi.