Barua ya Kumjibu Aliyekosa Kazi: Kutoka "Ama Baada" hadi "Tunasikitika"

Mwalimu akiwaagiza wanafunzi wake waandike barua ya kumjibu mwombaji aliyekosa kazi, nyingi katika karatasi atakazozikusanya zitaanza hivi: "Tunasikitika kukuarifu kwamba…" Zilizosalia zitaanza na "Kwa bahati mbaya…" Nasi tumejiuliza maneno hayo yaliingiaje katika barua zetu, na kama lugha haina mengine yaliyo laini zaidi.

Waraka wa Kiswahili ni mkongwe kuliko ofisi. Mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili yenye hati za Kiarabu, ambao Carl Büttner aliuchapisha Berlin mwaka 1892, unatosha kuwa ushahidi. Katika desturi ya zamani mwandishi alitanguliza heshima na salamu, akatua kwenye "ama baada", ndipo akaingia katika shauri lenyewe. Akiwa anajibu, alimwarifu mwenzake kwamba waraka wake umewasili na yaliyomo yamefahamika. Hivyo jibu la kukataa lilimkuta mtu aliyekwisha kusalimiwa, tena aliyehakikishiwa kwamba maneno yake yamesomwa.

Ofisi za kikoloni zilileta barua ya namna nyingine, fupi, yenye namba ya kumbukumbu na kichwa cha habari. Kisha mwaka 1967, Makamu wa Pili wa Rais wa Tanzania, Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Makarani waliozoea mifano ya Kiingereza ilibidi waandike kwa lugha nyingine kazi ile ile ya jana. Kwa maoni yetu, hapo ndipo "tunasikitika" na "kwa bahati mbaya" zilipopata mizizi ofisini. Kila moja ni kisawe cha neno la Kiingereza lililokuwa limekwisha kuchakaa, lakini katika Kiswahili halijachakaa. Masikitiko kwetu ni ya msibani. Mwombaji akifungua bahasha na kukutana nayo, moyo humruka kabla hajajua la kumsikitisha. Na "bahati mbaya" si kweli hata kidogo. Bahati haikuketi katika kamati. Waliketi watu, wakachagua.

Basi ulaini utafutwe wapi? Sarufi yenyewe inatusaidia, ila ina mtego. "Hukuchaguliwa" humweka mwombaji mbele ya sentensi kama mshtakiwa. "Nafasi amepewa mwombaji mwingine" hueleza jambo lile lile, na aibu haimwangukii mtu. "Haikuwezekana" ni laini kupita zote, kwa kuwa mtendaji ametoweka kabisa; lakini kwa sababu hiyo hiyo mwombaji hubaki akiuliza nani aliyeshindwa, na kwa nini. Mtego mkubwa ni silabi moja. "Hatukuweza kukupa kazi" imefunga mlango. "Hatujaweza kukupa kazi" imeuacha wazi kidogo, maana *-ja-* hubeba tumaini la kesho.

Tunamfahamu kijana mmoja aliyejibiwa na shule aliyoiomba kazi kwamba "kwa sasa hatujaweza kukupatia nafasi". Aliisoma barua kwa Kiswahili chake kizuri, akangoja muhula mzima, akaikataa kazi ya ukarani aliyoletewa na mjomba wake. Kumbe nafasi ilikuwa imejazwa kabla barua haijapigwa chapa. Aliyeiandika, hatuna shaka, alidhani anamhurumia.

Tukamwomba mwenzetu mmoja aiandike upya barua ile kwa mfano wa darasani, akabuni tarehe na idadi. Alileta hii:

"Ndugu, salamu. Barua yako ya tarehe 3 Machi ilitufikia, nasi tumeisoma pamoja na vyeti vyako. Nafasi ya kufundisha Kiswahili ilikuwa moja, na walioiomba walikuwa 18. Tumempa mwombaji aliyewahi kufundisha kidato cha tano na cha sita, kwa kuwa upungufu wetu uko huko. Kwa hiyo hatukuweza kukupa kazi hii. Vyeti vyako tunavirudisha pamoja na barua hii. Tunakushukuru kwa kutuletea ombi lako, na tunakutakia heri."

Hamna masikitiko wala bahati, na ile desturi ya kale ya "tumesoma" imerudi mahali pake. Sababu imetangulia, uamuzi ukafuata. Na vyeti kurudishwa kunathibitisha kwamba shauri limekwisha. Mwenzetu mwingine alilalamika kuwa "hatukuweza" nayo ni uongo mdogo, kwani kamati ingeweza kama ingependa. Alitaka iandikwe "hatukukuchagua". Tulibishana hadi chai ikapoa. Sisi tuliiacha kama ilivyo, kwa kuwa sentensi iliyotangulia imekwisha kusema waziwazi nani aliyechaguliwa na kwa sababu gani.