Tafsiri ya Kiswahili na Kirusi kupitia Kiingereza

Tafsiri ya Kiswahili na Kirusi kupitia Kiingereza ni njia ya kutafsiri ambamo matini ya Kiswahili hugeuzwa kwanza kuwa Kiingereza, kisha Kiingereza hicho hugeuzwa kuwa Kirusi, au kinyume chake. Kiingereza hapa huitwa lugha ya kati. Njia hii hutumiwa na programu nyingi za tafsiri ya kompyuta, na pia na wafasiri wasiojua moja ya lugha hizo mbili.

Tatizo lake kubwa ni kwamba Kiswahili na Kirusi zina tofauti kadhaa za maana ambazo Kiingereza hakina. Maana iliyokuwepo mwanzoni, na ambayo lugha ya mwisho ingeweza kuieleza vizuri, hupotea katikati ya safari. Lugha ya mwisho hulazimika kubahatisha.

Katika makala hii maneno ya Kirusi yameandikwa kwa herufi za Kilatini.

## Sababu za kutumia Kiingereza

Programu ya tafsiri hujifunza kutokana na matini sambamba, yaani matini ileile katika lugha mbili, sentensi kwa sentensi. Matini sambamba za Kiswahili na Kiingereza ni nyingi, kwa mfano sheria, habari, vitabu vya dini na maelezo ya programu za kompyuta. Za Kirusi na Kiingereza ni nyingi zaidi. Zile zinazounganisha Kiswahili na Kirusi moja kwa moja ni chache.

Sababu nyingine ni hesabu. Programu yenye lugha 100 ikitaka kutafsiri kila lugha kwenda kila lugha nyingine bila kupitia popote, inahitaji kushughulikia njia 9,900. Ikipitisha kila kitu katika Kiingereza, njia 198 zinatosha: 99 za kuingia katika Kiingereza na 99 za kutoka.

Uhusiano wa moja kwa moja wa lugha hizi mbili si mgeni. Kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyohaririwa na Dmitri Olderogge ilichapishwa Moscow mwaka 1961. Shirika la uchapishaji la Progress la mjini humo lilitoa vitabu kwa Kiswahili wakati wa Umoja wa Kisovyeti. Hata hivyo kazi hizo ni ndogo sana zikilinganishwa na wingi wa matini ambazo kompyuta inahitaji.

## Makosa yanayotokea

### Wewe na ninyi

Kiswahili hutenganisha *umefika* (mtu mmoja) na *mmefika* (watu wengi). Kirusi pia hutenganisha: *ty* ni mtu mmoja wa karibu, na *vy* ni watu wengi. Kiingereza cha leo kina neno moja tu, "you", kwa mmoja na kwa wengi.

Kwa hiyo *Mmefika?* ikiingia katika Kiingereza huwa "Have you arrived?", na hakuna tena alama yoyote ya wingi. Inapotoka kwenda Kirusi inaweza kuwa *Ty priyekhal?*, yaani swali kwa mwanamume mmoja. Swali lililoulizwa familia nzima sasa linamhusu mtu mmoja.

Kirusi kina jambo la ziada: *vy* hutumika pia kwa mtu mmoja anayeheshimiwa, kama mwalimu, daktari au mzee. Kiswahili huonyesha heshima kwa njia nyingine, kwa mfano *shikamoo* au cheo cha mtu, na mzee huulizwa *umefika* kama mtu mwingine yeyote. Mfasiri anayejua lugha zote mbili akiona *Shikamoo mwalimu, umefika?* atachagua *vy*. Programu inayofasiri sentensi iliyobaki na "you" peke yake haina cha kuisaidia kuchagua.

### Kuoa na kuolewa

Kiswahili hakina viwakilishi tofauti kwa mwanamume na mwanamke. *Yeye* na *a-* hutumika kwa wote. Lakini katika ndoa kitenzi chenyewe husema: mwanamume *ameoa*, mwanamke *ameolewa*. Kirusi hufanya vivyo hivyo. Mwanamume aliyeoa ni *zhenat*, mwanamke aliyeolewa ni *zamuzhem*. Neno hilo la pili limeundwa na maneno yenye maana ya "nyuma ya mume".

Kiingereza hutumia "married" kwa wote wawili. Badala yake hudai kitu ambacho Kiswahili hakikukisema katika kiwakilishi: lazima ichaguliwe "he" au "she". Programu isipozingatia umbo la kitenzi, *Ameolewa* inaweza kuwa "He is married". Kirusi kikipokea sentensi hiyo hutoa *On zhenat*, ambayo maana yake ni "Yeye (mwanamume) ameoa". Jinsia ya mtu imegeuka, ingawa sentensi ya kwanza na lugha ya mwisho zote zilikuwa na neno sahihi.

Kosa hili huenea mbele. Katika Kirusi kitenzi cha wakati uliopita hubadilika kulingana na jinsia ya mtendaji, na vivumishi pia. Jinsia ikikosewa mara moja, maneno mengi yanayofuata hukosewa pamoja nayo.

### Mguu na mkono

*Mguu* wa Kiswahili huanzia kwenye paja hadi vidoleni. *Noga* ya Kirusi ni hivyohivyo. *Mkono* na *ruka* pia hulingana: kutoka begani hadi kwenye vidole. Kiingereza hugawanya viungo hivi. Mguu ni "leg" juu na "foot" chini, na mkono ni "arm" au "hand".

Sentensi *Nimeumia mguu* inaweza kutoka kwa Kiingereza kama "I hurt my foot". Kirusi kina neno maalumu kwa sehemu ya chini ya kifundo, *stopa*, kwa hiyo sentensi ya mwisho hutaja *stopa*. Mgonjwa aliyeumia chini ya goti anasomeka kuwa ameumia wayo. Neno pana na sahihi, *noga*, lilikuwepo tangu mwanzo.

Wakati mwingine makosa ya aina hii hujifuta yenyewe. *Kidole* ni cha mkono au cha mguu, na *palets* ya Kirusi vilevile. Kiingereza hutenganisha "finger" na "toe". Mtu aliyeumia kidole cha mguu akiandika *kidole* tu, Kiingereza kinaweza kusema "finger" kimakosa, lakini Kirusi kitasema *palets*, ambayo ni sahihi. Kwa sababu hiyo tafsiri nzuri mwishoni haithibitishi kwamba hatua ya katikati ilikuwa nzuri.

## Mfano mmoja hatua kwa hatua

Mwanamke anawaandikia wazazi wake ujumbe huu:

> Mmefika? Jirani yetu ameolewa jana, na mimi nimeumia mguu.

Hatua ya kwanza inaweza kutoa Kiingereza hiki:

> Have you arrived? Our neighbour got married yesterday, and I hurt my foot.

Kiingereza hiki kinasomeka vizuri na hakina kosa la sarufi. Hatua ya pili inaweza kutoa:

> Ty priyekhal? Nash sosed vchera zhenilsya, a ya povredil stopu.

Maana ya Kirusi hicho ni: "Wewe (mwanamume mmoja) umefika? Jirani yetu (mwanamume) jana alioa, na mimi (mwanamume) nimeumia wayo." Tafsiri iliyokusudiwa ni:

> Vy priyekhali? Nasha sosedka vchera vyshla zamuzh, a ya povredila nogu.

Tofauti za sentensi hizi mbili hazina chanzo kimoja. Wingi wa *mmefika*, jinsia ya jirani katika *ameolewa* na upana wa *mguu* vilikuwemo katika Kiswahili na vikapotea katika Kiingereza. Hayo ni makosa ya lugha ya kati. Lakini *povredil* badala ya *povredila* ni jambo jingine: Kiswahili chenyewe hakikusema kwamba mwandishi ni mwanamke. Hata mfasiri wa moja kwa moja angehitaji kuuliza.

## Makosa yasiyotokana na lugha ya kati

Ni muhimu kutenganisha makosa haya na mengine yanayofanana nayo. *Mjomba* na *baba mdogo* vyote huwa *dyadya* katika Kirusi. Kiingereza nacho kina neno moja, "uncle", lakini hakilaumiwi hapa, kwa kuwa tofauti hiyo ingepotea hata bila kukipitia.

Vivyo hivyo *saa mbili asubuhi* ni saa 8 kwa hesabu ya Kirusi na ya Kiingereza. Programu ikiandika saa 2, kosa limetokea katika kusoma Kiswahili na lingeweza kutokea katika njia yoyote. Kinachoongezwa na njia ya hatua mbili ni kwamba msomaji wa Kirusi yuko mbali zaidi na matini ya awali, na hawezi kuona mahali kosa lilipoingia.

## Kutambua na kupunguza makosa

Watumiaji wengi hujaribu kurudisha tafsiri katika lugha ya kwanza ili kuikagua. Kipimo hiki hufichua baadhi ya makosa tu. *Mmefika?* ikirudi kama *Umefika?*, kosa linaonekana. Lakini *mguu* uliokuwa "foot" na kisha *stopa* hurudi kuwa "foot", halafu *mguu*. Mwandishi wa Kiswahili anaona neno lake lilelile na kuridhika, ilhali Kirusi kilichosomwa kilikuwa na makosa.

Kipimo bora zaidi ni kutafsiri sentensi mbili zinazotofautiana kwa jambo moja tu, kama *Umefika?* na *Mmefika?*, au *Ameoa* na *Ameolewa*. Ikiwa Kirusi kinachotoka ni kilekile kwa zote mbili, tofauti imepotea njiani. Kipimo hiki hakithibitishi kwamba programu inapitia Kiingereza waziwazi. Zipo programu zinazotafsiri moja kwa moja, kama NLLB-200 iliyotolewa na kampuni ya Meta mwaka 2022. Hata programu ya aina hiyo inaweza kufanya makosa yaleyale ikiwa sehemu kubwa ya matini ilizojifunza iliambatana na Kiingereza.

Anayelazimika kutumia njia hii hupunguza makosa kwa kutaja waziwazi kile ambacho Kiingereza kingekiacha: *ninyi wawili mmefika*, *jirani yetu mwanamke*, *mguu chini ya goti*. Kiswahili hicho huonekana kirefu kuliko kawaida, lakini maneno ya ziada hubaki hata baada ya kupita katika Kiingereza. Njia hii husaidia pale tu ambapo mwandishi anajua ni tofauti gani zitapotea. Kwa hati za hospitali, mahakama au uhamiaji, ukaguzi wa mtu anayesoma Kiswahili na Kirusi bado unahitajika, kwa sababu msomaji wa Kiingereza cha katikati hana namna ya kuyaona makosa haya.