Suji: Kwa nini kuficha jina la mgonjwa hakutoshi

Suji ni kata ya milimani wilayani Same. Ukitoka barabara kuu unakatia Makanya, kisha unapanda. Huku kila mtu wa tiba anaitwa "dokta", awe daktari, tabibu au mtoa dawa dukani. Na watu wanajuana.

Kujuana huko ndiko kunamponza mtaalamu anayetaka kujitangaza mtandaoni.

Siri inavyovuja

Chukua mfano wa kubuni. Tabibu anaandika kwenye status ya WhatsApp: "Leo nimemaliza kumtibu kaswende mwalimu wa kike, miaka 29, wa hapa Suji." Jina hajataja. Lakini walimu wa kike wa umri huo katani ni wa kuhesabu kwa vidole. Posti ikifika kwenye grupu la wenyeji walioko Dar, kabla ya usiku ameshajulikana.

Kipimo ni hiki: jirani wa mgonjwa akisoma, atamtambua? Kama ndiyo, siri imeshatoka.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kumweleza daktari wa hospitali ya rufaa ili aendelee na matibabu ni sehemu ya kazi. Kuweka status siyo.

Cha kuweka kwenye wasifu

Sifa za mtaalamu hazihitaji stori ya mgonjwa. Aweke jina lililo kwenye usajili, kada yake halisi, namba ya usajili na kituo anachofanyia kazi. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, wafamasia na Baraza la Famasi. Usajili peke yake hautoshi, leseni nayo iwe hai.

Kada isiongezwe chumvi. Mtoa dawa wa Duka la Dawa Muhimu amesomea kozi fupi ya kazi hiyo. Hilo si aibu, ila yeye si mfamasia, na akijiandika "Dr." anampotosha mteja. Ukiwa na shaka, ulizia jina lake kwenye baraza husika.

Akisemwa vibaya

Hapa ndipo wengi wanakosea. Mteja analalamika hadharani kwamba dawa haikumsaidia. Mtaalamu, akitetea jina lake, anajibu: "Si ulikuja na kisonono, ukaacha dozi katikati?" Mgonjwa kutaja matibabu yake mwenyewe hakumpi mtaalamu ruhusa ya kutaja yaliyobaki.

Jibu salama ni fupi: "Siwezi kuzungumzia matibabu ya mtu yeyote hapa. Karibu kituoni tuongee."

Litaonekana jibu la unyonge. Lakini wengine wanaolisoma wataelewa kwamba hata ya kwao hayatasemwa.