Mgeni Asiyesalimiwa

Jumamosi ile, kabla sijasema lolote la maana, niliwaomba wasikilizaji wazime redio. Nilisema hivi: kama hujaiona The Sixth Sense na unatarajia kuiona, nenda kapike, nenda kaoge, rudi saa nne. Kisha nikapiga wimbo mzima ili mtu apate nafasi ya kuamua. Baada ya kila mapumziko nilirudia onyo lile lile, kwa sababu redio haisomwi kutoka ukurasa wa kwanza. Hapa Kizota kuna anayeifungua akiwa anafunga duka, na kuna anayeidaka katikati ya sentensi akipita kwa bodaboda kwenye barabara ya Singida. Onyo linalotolewa mara moja tu redioni huwafikia wachache, na mara nyingi ni wale ambao wameshaiona filamu yenyewe. Nawe msomaji, jihesabu umeonywa.

Filamu hiyo iliyotoka Agosti 1999 iliandikwa na kuongozwa na M. Night Shyamalan, mzaliwa wa India aliyekulia Marekani. Dakta Malcolm Crowe, anayeigizwa na Bruce Willis, ni mtaalamu wa saikolojia ya watoto katika jiji la Philadelphia. Usiku ambao yeye na mkewe Anna wanasherehekea tuzo aliyopewa, mgonjwa wake wa zamani anaingia nyumbani, anampiga risasi ya tumbo, kisha anajiua. Skrini inakuwa nyeusi. Maandishi yanatuambia kwamba umefika msimu wa vuli uliofuata, na tunamwona Malcolm amekaa kwenye benchi akimsubiri mtoto anayeitwa Cole. Katikati ya filamu Cole anamwambia siri yake: anawaona wafu. Mwisho kabisa tunagundua, pamoja na Malcolm, kwamba ile risasi ilimuua. Muda wote huo amekuwa mmoja wa wafu wanaoonwa na mtoto huyo.

Kinachonivutia si kwamba tulidanganywa. Ni kwamba tulionyeshwa kila kitu na bado hatukuona. Mtazamaji wa Tanzania alikuwa na sababu mbili za kutoona ambazo Mmarekani hakuwa nazo.

Ya kwanza ilikuja nasi kutoka vibanda umiza. Sisi tuliolipa sarafu kukaa kwenye mabenchi ya mbao, mbele ya televisheni ya inchi ishirini na moja, tulikuwa na sheria moja iliyokuwa na nguvu kuliko polisi: steringi hafi. Adui anaweza kumpiga risasi, kumtosa mtoni, kumwangushia jengo zima, lakini dakika tano baadaye steringi atarudi na bandeji begani. Kwa hiyo Willis alipoanguka kitandani mwanzoni kabisa, hakuna aliyeshtuka. Ilipokuja ile picha ya benchi, tulimalizia wenyewe hadithi ambayo filamu haikuisema: alipelekwa hospitali, akashonwa, akapona. Shyamalan hakuionyesha hospitali hiyo hata kwa sekunde moja. Alituachia pengo, na sisi tukalijaza kwa sheria yetu.

Sababu ya pili ndiyo iliyokifanya kipindi kile kichukue saa nzima. Nilieleza tukio la sebuleni. Cole anarudi kutoka shule. Lynn, mama yake, amekaa kwenye kiti, na Malcolm amekaa kiti kinachomkabili. Ni wawili wanaotazamana, kama watu waliokuwa na mazungumzo mazito kuhusu mtoto, na sasa wamenyamaza kwa sababu mwenyewe amefika. Mama anainuka, anamlaki mwanawe, wanataniana kidogo, kisha anasema anakwenda kupika chapati za maji za pembetatu na kwamba ana saa moja. Anatoka. Daktari na mtoto wanabaki.

Ukilitazama mara ya kwanza, utasema mama amemwachia daktari mgonjwa wake. Ukilitazama mara ya pili, utagundua kwamba hakumwangalia daktari hata mara moja, na ile saa moja alikuwa akimpa mwanawe peke yake. Ujanja wa tukio hili uko katika mahali lilipoanzia. Kamera imeingia wakati watu wamekwisha kukaa. Hatukumwona Malcolm akibisha hodi, hatukumwona akifunguliwa mlango, na hakuna sentensi iliyokatwa katikati. Ndivyo filamu nzima inavyokwenda: tunamkuta ameshafika.

Nilitaka wasikilizaji wakisikie kimya cha sebule ile, kwa hiyo nikanyamaza. Sikufika sekunde ya sita. Fundi mitambo aligonga kioo kwa ufunguo wake akiniuliza kwa mikono kama kipaza sauti kimekufa. Redio haina namna ya kuficha kitu ndani ya kimya, maana kimya chetu ni hitilafu.

Ndipo simu ikaingia. Mama mmoja, sauti ya mtu mzima, nyuma yake nasikia sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikuulize. Huyo daktari kaingia nyumba ya watu, kakaa, na hajasalimiwa?"

"Hajasalimiwa, mama."

"Na maji hakupewa?"

"Hakupewa."

"Basi mbona mliangalia hadi mwisho ndiyo mkajua?"

Nilicheka hewani, lakini swali lile nililala nalo. Ni kweli. Katika nyumba yoyote ya Dodoma, mgeni akikaa sebuleni bila kuulizwa habari za atokako, kuna jambo. Ama nyumba ina msiba, ama ina ugomvi, ama huyo mgeni haonekani. Dalili ambayo Shyamalan aliifukia chini kwa ajili ya Wamarekani, kwetu ilikuwa juu ya meza. Tuliipita kwa sababu tulijiambia kwamba Wazungu ndivyo walivyo. Hawasalimiani, wana baridi, mke na mume wanakula bila kuongea. Dharau yetu ndogo kwa adabu za wengine ndiyo iliyotufunga macho.

Tukio la mgahawani linafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila hapo hata Wamarekani wana kisingizio chao. Malcolm amechelewa sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yao. Anakaa, anaomba radhi, anajieleza. Anna hajibu. Bili inapoletwa Malcolm ananyoosha mkono, lakini Anna anaiwahi. Anamtakia heri ya siku ile kwa sauti iliyochoka, kisha anaondoka. Kila aliyeoa anaijua hasira ya aina hiyo. Ndoa iliyopoa ni pazia zuri, kwa sababu mtu aliyenuniwa na mtu aliyekufa wanapata majibu yale yale.

Sasa mlete mtafsiri. Namaanisha wale mabwana wa sauti nzito waliotuwekea Kiswahili juu ya filamu za nje, kazi ambayo hapa Tanzania haiwezi kutajwa bila Lufufu. Mtafsiri wa banda hatafsiri maneno tu. Anampa mhusika jina la mtaani, anatabiri ugomvi, na zaidi ya yote anajaza kimya, kwa sababu mteja aliyelipa anataka kusikia. Mpe mtafsiri wa namna hiyo tukio la sebuleni. Akisema "daktari anamweleza mama hali ya mtoto", ametia ndani ya filamu uongo ambao mwongozaji aliukwepa kwa makini, na mwisho wake hautasimama tena. Akisema "mama hamwoni huyu", ameumaliza mchezo. Njia ya tatu ni kunyamaza, na hiyo ndiyo asiyolipwa kuifanya. Filamu zilizokaa vizuri mikononi mwa watafsiri ni zile ambazo siri yake iko kwenye ngumi na mbio. Hii siri yake iko mahali ambapo hakuna anayesema.

Fasihi yetu wenyewe imeficha siri kwa njia iliyo kinyume kabisa. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar, alipomleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, hakuwa na kamera ya kuwahi au kuchelewa kuingia chumbani. Alikuwa na watu wanaoongea. Kwake ushahidi unazama katika maneno mengi: masihara, ubishi, habari za nasaba, mtu anayetaja jambo kwa kupita. Najum yuko pale pale na sahibu yake, anasikia anachosikia Msa, na hakitii maanani. Mwishoni Msa anawaketisha watu na kukichomoa kimoja kimoja. Filamu inaficha kwa kupunguza, Msa anafichiwa kwa kuongezewa. Lakini zote mbili zina uaminifu wa aina moja: ukirudi nyuma, dalili iko mahali pake.

Bibi yangu hakuficha chochote. Ngano ya msichana aliyekataa wachumba wote akamfuata mgeni mzuri asiyejulikana kwao inasimuliwa kwa sura nyingi Afrika Mashariki, na katika sura ya bibi yule bwana harusi alikuwa fisi. Alitwambia hivyo tangu bwana harusi anapokaribishwa ukweni. Alionyesha kwa mikono jinsi alivyoukalia mkia chini ya shuka, halafu akasema: akala nyama, na sahani ikarudi jikoni haina mfupa hata mmoja. Wapishi wakashangaa, wakaosha sahani. Sisi tuliokuwa tumejua tulipiga kelele, na bi harusi hakutusikia. Hapo anayeshindwa kuona si msikilizaji. Ni dada wa watu anayefunga mizigo yake. Ukiondoa siri ngano haipungui, kwa sababu haikusimama juu ya siri.

Nilichokisema hewani, na bado nakisimamia, ni kwamba The Sixth Sense ukiitazama mara ya pili inageuka kuwa ngano ya bibi. Unajua kila kitu, na uchungu unahamia kwa Malcolm anayemsemesha mkewe.

Si kwamba haina matundu. Malcolm anavunja kioo cha duka la mkewe, anasikiliza kanda za zamani na kuongeza sauti, na hatuelezwi kwa nini mkono huo huo haufungui mlango wa chumba cha chini ya nyumba yake, wenye kitasa chekundu. Mwishoni tunaonyeshwa meza iliyokuwa mbele ya mlango ule. Filamu ina kinga moja tu, nayo ni maneno ya Cole kwamba wafu hawajui wamekufa na huona wanachotaka kuona. Anayasema kwa sauti ya chini, na kamera inakwenda kukaa kwenye uso wa Malcolm. Mtoto alikuwa anamwambia yeye. Kinga hiyo inaziba mengi, labda kupita kiasi, lakini iliwekwa mapema na kwa sauti ya kusikika, wala haikubandikwa mwishoni.

Wiki iliyofuata yule mama alipiga tena. Mjukuu wake wa darasa la tatu, ambaye siku ya kipindi alikuwa amelala, aliitazama naye filamu ile kwenye simu ya mjomba wake. Walipofika sebuleni, mtoto aliuliza mbona yule mama ana kisirani na mgeni.

"Nawe ukamjibu nini, mama?"

"Nikamwambia ndivyo walivyo, mwanangu. Si ulisema tusiharibu?"