Misamaha ya ukodishaji wa muda mfupi na wa thamani ndogo

Misamaha ya ukodishaji wa muda mfupi na wa thamani ndogo ni ruhusa mbili za kiuhasibu zinazoiwezesha kampuni inayokodi mali kutouingiza ukodishaji huo katika mizania yake. Zimo katika kiwango cha kimataifa IFRS 16, kilichotolewa Januari 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kwa kawaida kiwango hicho huitaka kampuni ionyeshe haki ya kutumia mali iliyokodiwa kuwa rasilimali, na kodi itakayolipwa kuwa deni. Penye msamaha, kodi huandikwa kuwa gharama tu, na mara nyingi hugawanywa sawasawa kwa muda wote wa ukodishaji.

Muda mfupi

Ukodishaji ni wa muda mfupi ikiwa, siku unapoanza, muda wake hauzidi miezi 12 na mkataba hautoi nafasi ya kuinunua mali hiyo. Tarehe zilizoandikwa pekee hazitoshi kupima muda. Kampuni ikiwa na haki ya kuongeza muda, na kukiwa na uhakika wa kutosha kwamba itaitumia, muda wa nyongeza nao huhesabiwa.

Kwa mfano, kampuni inakodi ghala Dar es Salaam kwa miezi 12, ikiwa na haki ya kuongeza miaka 2. Mwezi wa kwanza ni bure. Miezi 11 inayofuata inalipa shilingi 2,400,000 kila mwezi, jumla 26,400,000. Kama hakuna sababu ya kuifanya ibaki, inaweza kutumia msamaha na kuandika gharama ya shilingi 2,200,000 kwa kila mwezi, ukiwemo ule wa bure. Lakini ikiwa inajenga humo vyumba vya baridi vya gharama kubwa visivyohamishika, ni vigumu kudai kwamba itaondoka baada ya mwaka mmoja. Muda huwa miaka 3, na msamaha haupatikani.

Uamuzi wa kutumia msamaha huu hufanywa kwa aina ya mali: ukichaguliwa kwa maghala, hutumika kwa maghala yote ya muda mfupi ya aina hiyo. Mkataba ukibadilishwa baadaye, huchukuliwa kuwa ukodishaji mpya na kupimwa upya.

Thamani ndogo

Hapa huangaliwa bei ya mali ikiwa mpya, hata kama iliyokodiwa imechakaa. Ukubwa wa kampuni hauzingatiwi. Kiwango hakitaji kiasi, ila bodi iliyokiandika ilieleza kwamba ilifikiria mali za takriban dola za Marekani 5,000 au chini yake. Kompyuta mpakato, simu na samani ndogo za ofisi huingia. Gari haliingii, hata likiwa kuukuu. Uamuzi hufanywa kwa kila mkataba peke yake. Mali ambayo kampuni inaikodisha tena kwa mwingine haipati msamaha huu.

Kiwango cha Marekani, ASC 842, kina msamaha wa muda mfupi pekee.