Umuhimu wa kitakwimu, au ubayana wa kitakwimu?

Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya AQUAMAT, jaribio lililolinganisha sindano ya artesunate na kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Watoto 5,425 waliokuwa chini ya miaka 15 walishiriki, katika vituo 11 vya nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo. Kiini cha matokeo yote kinaweza kubanwa katika mstari mmoja:

```
230/2712 (8.5%) vs 297/2713 (10.9%); OR 0.75, 95% CI 0.63–0.90; p=0.0022
```

Mtakwimu anausoma mstari huu kwa sekunde chache na kuridhika. Muuguzi wa wodi ya watoto, mtangazaji wa redio na diwani anayepitisha bajeti ya dawa hawapati kitu humo, ingawa habari yenyewe inawahusu wao kuliko inavyomhusu mtakwimu. Mara nyingi mwandishi anayejaribu kuwafafanulia huishia kwenye sentensi hii: “Artesunate ilipunguza vifo kwa kiwango chenye umuhimu wa kitakwimu.” Namba zote zimeondoka, na neno lililobaki linapotosha.

Tafsiri hiyo imeenea, nami naona tuiache. Msomaji wa Kiswahili akisikia “umuhimu” anaelewa uzito: jambo kubwa, lisilopuuzwa. Istilahi yenyewe haisemi hivyo. Inauliza swali dogo zaidi: je, tofauti tuliyoiona inazidi ile ambayo nasibu peke yake ingeweza kuleta kwa urahisi? Jaribio la watu laki moja linaweza kuonyesha wazi tofauti ndogo isiyomsaidia mgonjwa yeyote. Jaribio la watu arobaini linaweza kushindwa kuonyesha tofauti ambayo ingeokoa maisha. Kwa hiyo napendekeza “ubayana wa kitakwimu”, na kusema kwamba tofauti “ni bayana” au “si bayana”. Bayana ni kile kinachoonekana; uzito wake hupimwa kando, kwa namba nyingine.

Namba hizo nyingine ndizo za kuanzia tunapoandika upya. Tuanze na watoto wenyewe. Kati ya watoto 2,712 waliopewa artesunate, walikufa 230. Kati ya 2,713 waliopewa kwinini, walikufa 297. Makundi yanakaribiana kwa ukubwa, kwa hiyo msomaji anaweza kuyalinganisha bila kikokotoo, lakini ni vizuri kuyaweka kwenye kipimo kimoja: katika kila watoto 1,000, walikufa 85 kwa artesunate na 109 kwa kwinini. Tofauti ni watoto 24 hivi. Kwa maneno mengine, ukiwatibu watoto 41 hivi kwa artesunate badala ya kwinini, unatarajia kuepusha kifo kimoja. Hapo mganga mkuu wa wilaya anaweza kufungua daftari la wodi yake, akahesabu watoto wenye malaria kali waliolazwa mwaka jana, na kujua kama jambo hili lina uzito kwake.

Sasa tuje kwenye 0.75, ambako waandishi wengi hujikwaa. Wanaiona, wanaitoa kwenye moja, na kuandika kwamba hatari ya kufa ilipungua kwa asilimia 25. Sivyo. OR hailinganishi waliokufa na kundi zima. Inalinganisha waliokufa na waliopona. Kwa artesunate walikufa 230 na kupona 2,482, yaani vifo 9.3 kwa kila waliopona 100. Kwa kwinini walikufa 297 na kupona 2,416, yaani 12.3 kwa kila 100. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata 0.75. Hatari yenyewe, yaani 8.5 ikilinganishwa na 10.9, ilipungua kwa asilimia 22.5, na watafiti walilitaja hilo pia. Hapa pengo ni dogo kwa sababu vifo si vingi sana. Kwenye ugonjwa unaoua nusu ya wagonjwa, kosa hilohilo lingeikuza faida mno. Ushauri wangu ni kwamba kwa msomaji asiye mtakwimu OR isitajwe kabisa, mradi hesabu za watu zipo.

Kinachofuata ni masafa, yale ya 0.63 hadi 0.90. Waandishi huyafuta kwanza wakitaka kurahisisha, na hilo ni kosa, kwa kuwa humo ndimo ulimo ukweli kuhusu tusichokijua. Kwa upungufu wa asilimia 22.5, masafa yaliyochapishwa ni kuanzia 8.1 hadi 36.9. Ukiyarudisha kwenye watoto, unaweza kuandika hivi: makadirio bora ni vifo 24 pungufu katika kila watoto 1,000, lakini data hizi zinaafikiana pia na upungufu mdogo wa vifo 9 au mkubwa wa vifo 40. Msomaji anaelewa mara moja kwamba faida ipo, na kwamba ukubwa wake haujulikani kwa usahihi kamili.

Ile p=0.0022 naiweka mwisho. Maana yake ni hii: kama dawa mbili zingekuwa sawa kabisa, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingejitokeza kwa nasibu katika takriban majaribio 2 kati ya 1,000. Wengi huigeuza na kuandika kwamba “kuna uwezekano wa asilimia 0.2 tu kwamba matokeo haya ni ya nasibu”. Hiyo ni kauli nyingine. Hesabu ya p huanza kwa kudhania kwamba dawa ni sawa, kwa hiyo haiwezi yenyewe kutuambia uwezekano wa dhana hiyo kuwa kweli. Kikomo cha 0.05, ambacho kilienezwa na R. A. Fisher katika kitabu chake cha 1925, ni mazoea tu. Hakuna kinachobadilika mwilini mwa mgonjwa p inapotoka 0.049 kwenda 0.051.

Ubayana unapokosekana, uangalifu unatakiwa zaidi. AQUAMAT iliangalia pia watoto waliobaki na madhara ya ubongo na neva, na ikaripoti kwamba makundi mawili hayakutofautiana kwa kiwango bayana. Mwandishi mwenye haraka ataandika: “Dawa zote mbili ni sawa katika kuleta madhara ya neva.” Jaribio halikusema hivyo. Lilisema kwamba kwa idadi hii ya watoto, tofauti haikuweza kutenganishwa na nasibu. Sentensi salama ni: “Jaribio halikuthibitisha tofauti, wala halikuthibitisha kwamba haipo.” Ni ndefu kidogo, lakini mzazi atakayemuuliza daktari swali hilo anastahili jibu hilo.

Aya iliyoandikwa upya basi inasomeka hivi: “Kati ya kila watoto 1,000 wenye malaria kali, 85 walikufa walipotibiwa kwa artesunate na 109 walipotibiwa kwa kwinini. Tofauti ya vifo 24 ndiyo makadirio bora. Huenda ikawa ndogo kufikia 9 au kubwa kufikia 40. Ni vigumu kuieleza tofauti hii kwa nasibu peke yake. Kuhusu madhara ya neva, jaribio halikutoa jibu bayana.”

Ongezeni sentensi moja zaidi, ambayo mstari wa namba hauibebi: watabibu walijua kila mtoto anapewa dawa gani. Kifo hakihesabiwi kwa maoni, kwa hiyo matokeo makuu hayatikisiki sana kwa hilo, ila msomaji ana haki ya kuambiwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Wahariri wa ripoti za afya, tafadhali msipokee tena sentensi yenye “umuhimu wa kitakwimu” kabla mwandishi hajawaonyesha ni watu wangapi kati ya wangapi.